Uzoefu wangu: tangi la lita 5,000 chini, la lita 1,000 juu na pampu ya nusu HP kwa nyumba ya watu sita

Mtaani kwetu maji ya bomba hufunguliwa saa kumi alfajiri na kufungwa saa moja asubuhi. Kwa mfumo nilioufunga, nyumba yenye watu sita inaoga, inafua na kupika mchana kutwa bila mtu kubeba ndoo. Naandika kwa ajili ya anayetaka kununua, kwa sababu dukani utauziwa ukubwa bila kuulizwa hata swali moja kuhusu maji yako.

Nilianzia kwenye bili. Uniti moja ni lita 1,000, na kwetu miezi ya kawaida ilikuwa uniti 15. Hizo ni lita 15,000 kwa siku 30, yaani lita 500 kwa siku. Ukikosa bili, lita 80 kwa kila mtu zitakupeleka karibu na hapo kwa nyumba yenye bafu na choo cha kuvuta ndani. Swali la pili ni bomba likipasuka mnakaa siku ngapi bila maji. Sisi tulishawahi kukaa wiki nzima. Siku saba mara lita 500 ni lita 3,500. Ongeza wageni, ongeza na maji ya chini kabisa ambayo hutayatumia kwa sababu ya tope, unafika kwenye lita 5,000.

Muuzaji alinisukumia la lita 10,000. "Mama, tangi kubwa halijawahi kumwangusha mtu." Kabla ya kumjibu nilipima maji yanayoingia, na hapa ndipo naomba usome polepole. Kwenye koki ya uani ndoo ya lita 20 ilijaa kwa dakika mbili. Lakini maji hayaingilii tangi chini, yanaingilia juu. Mdomo wa tangi la lita 5,000 uko karibu mita mbili kutoka ardhini. Nikafunga mpira kwenye koki ile ile, kijana wangu akapanda ngazi na ndoo mpaka kimo hicho, na ndoo ile ile ikachukua dakika tatu na sekunde 20. Chini nilikuwa napata lita 10 kwa dakika, juu nikabaki na lita sita. Kwa saa tatu ni kama lita 1,080 tu.

Tukitoa lita 500 za matumizi, kinachobaki tangini kila siku ni lita 580. Tangi la lita 5,000 likikauka linahitaji siku tisa hivi kujaa upya, la lita 10,000 zaidi ya siku 17. Hilo kubwa lingekuwa halijai baada ya kila mgao mbaya, na likijaa maji yangekaa humo wiki kadhaa huku klorini ikiisha. Kipimo hicho hicho ndicho kilichonifanya nikatae kulinyanyua tangi la chini. Fundi alitaka msingi wa tofali kozi nne, nikamwambia zege nene lililosawazishwa vizuri, kimo cha kiganja, basi. Likijaa lina uzito wa tani tano, kwa hiyo zege liwe na nondo na lisiwe na jiwe lililochomoza chini ya tangi.

Halafu pampu. Kuna majirani waliounganisha pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaani ili kuvuta zaidi. Usifanye hivyo. Pampu inaponyonya, kila tundu kwenye bomba lililozikwa linavuta maji machafu ya mtaroni, na jirani wa mbele anakosa kabisa. Maji yaingie tangini kwa presha yake yenyewe kupitia koki ya boya, pampu ichukue kutoka tangini.

Yangu inapandisha maji kwenye tangi la lita 1,000 lililo juu ya mnara, mita saba kutoka kwenye pampu hadi mdomo. Nililipenda tangi la juu kuliko pampu ya presha inayowaka kila ukifungua koki, kwa sababu umeme ukikatika tunabaki na maji ya siku mbili yanayoshuka yenyewe.

Dukani pampu za nusu HP ni za aina mbili, na kwa macho zinafanana. Kibati cha ile ndogo ya bei rahisi huandikwa kama Qmax 35 l/min na Hmax 35 m. Wengi husoma kwamba itatoa lita 35 kwenye kimo cha mita 35. Sivyo. Qmax ni kiasi inachotoa ikiwa haipandishi chochote, na Hmax ni kimo ambacho maji hufika na kusimama, bila tone kutoka. Aina hiyo inafaa ghorofa, ila feni yake ndani imebanwa sana, na mchanga unaokuja baada ya bomba kutengenezwa huila. Mimi nilichukua aina ya pili, yenye feni pana, Hmax ya mita 20 na kitu lakini Qmax zaidi ya mara mbili. Kwa mita saba za kwenda juu na msuguano wa bomba, inanipa kati ya lita 40 na 50 kwa dakika. Tangi la juu linajaa kwa chini ya nusu saa, na kwenye LUKU siioni. HP moja aliyoitaka fundi ingekuwa kulipia nguvu isiyo na kazi.

Bomba la kupandishia ni la inchi moja. Ukiweka la nusu inchi, msuguano peke yake unakula nguvu nyingi kuliko zile mita saba, halafu utailaumu pampu.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni swichi mbili za boya. Moja iko tangi la chini, inazima pampu maji yakikaribia kuisha, nyingine iko la juu, inazima likijaa. Zimeungwa mfululizo, kwa hiyo pampu inawaka pale tu zote mbili zinapokubali. Pampu ikizunguka kavu, sili yake huungua ndani ya muda mfupi, na dalili ni matone kati ya mota na kichwa cha pampu. Pampu yenyewe iwe chini ya toleo la tangi ili maji yajiingilie, wala hutahitaji kuijaza kwa mkono. Weka chekivalvu ya kuzuia maji yasirudi upande wa kupandisha na yunioni pande zote mbili, uweze kuitoa bila msumeno.

Kilichonisumbua ni koki ya boya ya plastiki kwenye tangi la chini. Haikumaliza mwaka, ikawa haifungi sawasawa. Niliigundua kwa ardhi yenye unyevu chini ya bomba la kufurikia asubuhi wakati kila koki ndani imefungwa na mita bado inazunguka. Nimeweka ya shaba, imetulia.

Kasoro iliyobaki ni presha ya bafuni. Tangi la juu liko mita nne juu ya kichwa cha bafu, sawa na bari 0.4. Yatosha kuoga na hita yangu ya papo kwa papo inawaka, lakini mashine ya kufulia hujaza taratibu. Mwenye nyumba ya ghorofa asitegemee mnara wa kimo hiki kwa bafu za juu. Hapo aongeze pampu ndogo ya presha baada ya tangi la juu, kwa ajili ya bomba la ghorofani tu.