Niliomba benki inipunguzie rejesho: barua mbili, majibu mawili

Saa zangu za kazi zilipopunguzwa, mshahara ulishuka kwa theluthi nzima, lakini rejesho la mkopo lilibaki palepale. Barua yangu ya kwanza kwa benki ilikuwa ya kulalamika tu: maisha magumu, naomba mnifikirie. Wiki tatu zikapita kimya. Nilipokwenda tawini, afisa mikopo aliitoa kwenye faili, akageuza na upande wa nyuma, kisha akaniuliza, "Sasa unataka kulipa ngapi?" Sikuwa nimeandika.

Nilikuwa nadaiwa 600,000, imebaki miezi 24, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio. Rejesho lilikuwa karibu 30,000 kwa mwezi. Nikamwambia naweza 8,000. Akabonyeza kikokotoo akanigeuzia: riba ya mwezi mmoja peke yake ni 9,000. Kwa 8,000 ningekuwa nalipa kila mwezi huku deni likiongezeka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini barua yangu isingefika popote.

Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Juu niliweka namba ya mkopo, salio, na tarehe kipato kiliposhuka. Chini yake kipato cha sasa, kodi ya nyumba, chakula, ada, na kinachobaki. Kisha ombi lenyewe: "Naomba muda wa marejesho uongezwe kutoka miezi 24 hadi 40, ili rejesho liwe takriban 20,000." Niliambatanisha slipu ya mshahara ya kabla na ya baada, pamoja na barua ya mwajiri. Nilibaki na nakala yenye mhuri wa mapokezi, na nashukuru nilifanya hivyo, maana waliwahi kuniambia haijafika.

Walikubali baada ya siku 18. Katika kusubiri, makato ya zamani yaliendelea kama kawaida. Barua haisimamishi chochote mpaka mkataba mpya usainiwe. Kwa hiyo ipeleke kabla hujaruka hata rejesho moja, usingoje malimbikizo.

Lalamiko langu ni moja. Hakuna aliyenieleza gharama ya unafuu huu. Niliiona mwenyewe kwenye ratiba mpya: riba yote iliyobaki ilipanda kutoka kama 119,000 hadi kama 202,000. Ningekubali hata hivyo, kwa sababu 30,000 sikuwa nazo, lakini ningependa kuambiwa mezani. Nilirudi kuomba kifungu kinachoniruhusu kulipa zaidi bila faini mambo yakikaa sawa. Wakakiongeza kwa kalamu pembeni mwa mkataba, tukasaini hapo mimi, afisa, na mdhamini wangu, aliyeitwa kwa mara ya pili siku hiyo hiyo na hakufurahi.

Nyota tatu kati ya tano.