Kuhariri video za kanga ndani ya programu yenyewe: uzoefu wangu wa miezi 8

Nauza kanga kwa simu. Mzigo nachukua Kariakoo, nafungua doti moja moja nyumbani, napiga video fupi na kuziweka mtandaoni, na wateja wa Dodoma, Mwanza na Tanga wananitumia hela, nami nawatumia kanga kwa basi. Kwa miezi 8 sijatumia kompyuta wala programu ya pembeni ya kuhariri. Kila kitu nafanya ndani ya ile ile programu ya video fupi ninayopostia: kukata, kuandika juu ya picha, filta na kuingiza sauti yangu. Naandika haya kwa anayeuza nguo kama mimi na anajiuliza kama inatosha. Inatosha, ila kuna mahali itakuumiza usipojua.

Nianze na palipoumiza mimi.

Nilikuwa na doti mbili kwenye video moja ya sekunde 25. Kanga ya bluu ilionekana mwanzo hadi sekunde ya 11, kisha nyekundu ikaingia hadi mwisho. Ya bluu nilikuwa nauza 12,000, nyekundu 15,000 kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kizito zaidi. Nikarekodi sauti nikitaja bei zote mbili, nikaandika 12,000 juu ya ile ya bluu na 15,000 juu ya nyekundu, kila andiko nikalipangia muda wake. Video ikawa safi. Nilipoitazama mara ya mwisho nikaona sekunde 3 za mwanzo hazina maana, ni mkono wangu tu unatafuta ncha ya kanga. Nikazikata, nikaposti.

Jioni mteja akaniandikia: "Dada, nataka hii nyekundu ya 12,000." Nikamjibu kwamba hiyo ni 15,000. Akanitumia skrinshoti. Kanga nyekundu imejaa skrini, na juu yake maandishi yangu mwenyewe: 12,000. "Na kwenye sauti umesema hivyo hivyo, sikiliza," akaongeza. Nikasikiliza, na kweli.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye programu ninayotumia, picha, sauti uliyoingiza na maandishi vinakaa kwenye mistari mitatu tofauti, mmoja juu ya mwingine. Ukikata mwanzo wa picha, picha yote inasogea mbele kuziba pengo. Sauti na maandishi havisogei, vinabaki kwenye sekunde zilezile ulizoviwekea. Kwa hiyo nyekundu yangu sasa ilikuwa inaingia sekunde ya 8, wakati andiko la 12,000 na maneno ya kanga ya bluu yalikuwa yanaendelea hadi sekunde ya 11. Kwa sekunde 3 nzima nilikuwa natangaza nyekundu kwa bei ya bluu. Yule dada nilimuuzia kwa 12,000, maana kosa halikuwa lake.

Tangu siku hiyo nafuata mpangilio mmoja na siuvunji: kwanza kukata, na kukata kote kuishe. Halafu sauti. Halafu maandishi. Filta mwisho, kama ipo. Nikigundua baadaye kwamba kuna kipande cha kukata, sikikati tu na kuondoka. Nafuta sauti na maandishi, nakata, naanza tena kutoka sauti. Na kabla ya kuposti naisimamisha video pale hasa picha moja inapoachia nyingine, nasoma kilichoandikwa juu yake. Ukiitazama ikiwa inatembea, macho yako yanafuata kitambaa na kosa la namna hii linapita bila kulijua.

Kukata kwenyewe ni rahisi. Ukigusa kipande kinatokea na vishikio viwili, mwanzoni na mwishoni, unavivuta kuelekea ndani. Kwa kitu kilicho katikati unasogeza picha hadi ule mstari uliosimama ufike unapotaka, unagawa kipande, unasogea tena, unagawa tena, unafuta cha katikati. Kukunjua doti moja vizuri kunanichukua kama sekunde 40, na hakuna mtu wa kukaa sekunde 40 akinitazama nikikunjua. Nabakisha pindo likifunguka, mji ukionekana wote, na jina la kanga likisomeka. Jina nalipa sekunde 3 kamili limetulia, kwa sababu wanawake wananunua jina kabla ya rangi. Kanga yenye "Wema hauozi" mtu anamnunulia mama yake hata kama hapendi kijani.

Na hapo kwenye jina ndipo maandishi yanapoleta kazi. Jina la kanga liko upande wa chini wa mji. Chini ya skrini ndipo programu inapoweka jina la akaunti yako na maelezo ya video, na upande wa kulia inapanga vile vitufe vya kupenda, kutoa maoni na kutuma. Unapohariri, vitu hivyo havionekani vyote, unaona picha yako wazi kabisa. Ukishaposti ndipo unagundua kwamba jina la kanga limelaliwa na maelezo yako, na bei uliyoiweka kulia imekaa nyuma ya vitufe. Mimi sasa wakati wa kupiga picha naiinua kanga ili jina liangukie katikati ya skrini, si chini, na bei naiandika juu kushoto, chini kidogo ya ukingo. Herufi nyeupe peke yake inapotea kwenye kanga kwa sababu kanga ina maua na rangi kila mahali, kwa hiyo nawasha kile kisanduku cheusi nyuma ya maneno. Naandika maneno machache tu: bei, na "doti" ili mtu asidhani ni kipande kimoja.

Kuna jambo dogo la kamera ambalo lazima niliseme hapa. Usipige jina la kanga kwa kamera ya mbele. Kwenye simu yangu kamera ya mbele inageuza picha kama kioo, na jina linatoka kinyume, halisomeki. Nilihariri video nzima, nimeweka sauti na kila kitu, ndipo nikaliona. Nilirudia kazi yote.

Sauti ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyoniletea oda nyingi. Mwanzoni nilikuwa naongea huku nakunjua, na kilichosikika ni feni, bodaboda za nje na kitambaa kikikwaruza maikrofoni. Sasa napiga video kimya, nakata, kisha nagusa picha ya maikrofoni na kuongea huku video inatembea mbele yangu. Naona pindo, nataja pindo. Kabla ya hapo naandika maneno kwenye daftari. Kwa video ya sekunde 22 maneno 45 yananitosha. Yakizidi 50 najikuta nakimbia, na mteja wa kwanza kulalamika huwa shangazi yangu: "Mwanangu, taratibu, bei sikuisikia."

Narekodi chumbani, nimekaa chini kati ya marobota ya kanga, feni imezimwa, simu iko kama shubiri moja kutoka mdomoni na imekaa pembeni kidogo ili herufi p na b zisipulize maikrofoni. Marobota yale yanasaidia sana, maana nguo zinameza mwangwi. Sebuleni kwetu kuna vigae na kuta tupu, na sauti niliyorekodi huko inasikika kama niko ndani ya pipa. Baada ya kurekodi nafungua sehemu ya sauti, ambako kuna vimstari viwili vya kuvuta: kimoja cha sauti asili ya video, kingine cha ile uliyoongeza. Sauti asili naishusha hadi karibu 10, siiui kabisa, kwa sababu ule mlio wa kitambaa kipya kikifunguka una utamu wake na mteja anaujua.

Ile sauti ya mashine inayosoma maandishi nimeiacha. Niliijaribu kwenye video tatu. Ilisoma Kiswahili kwa lafudhi ya Kizungu na nambari ikazitaja kwa Kiingereza. Mama wa makamo anayetafuta kanga ya msibani au ya kumtunza mwari hawezi kuamini duka linaloongea hivyo.

Filta nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo ninayoitumia kidogo kuliko zote. Mwanzoni nilipenda zile zenye joto, zinazofanya ngozi ing'ae na nyumba ionekane kama jua la saa 11 jioni. Kwa uso ni nzuri. Kwa kanga zinadanganya. Filta ya namna hiyo inaongeza njano na kupunguza bluu katika picha yote, kwa hiyo nyekundu inaelekea rangi ya chungwa, na bluu iliyoiva inapauka. Mteja mmoja wa Mwanza alipokea mzigo akanipigia: "Dada, hii si ile niliyoiona." Nilipoitazama video yangu huku doti ya aina hiyo hiyo iko mkononi, alikuwa sahihi. Alinirudishia, na nauli ya kwenda na kurudi nililipa mimi. Zile za kulainisha uso nazo ziogopwe, kwa sababu zinalainisha na kitambaa, na maua madogo ya pindo yanaungana kama rangi iliyomwagika.

Siku hizi napiga picha asubuhi karibu na dirisha, taa ya ndani imezimwa, na filta naiacha. Siku ya mawingu naongeza mwanga kidogo kwa kimstari chake, nikikipeleka mpaka 10 au 15, na hapo naishika kanga yenyewe pembeni ya simu nikilinganisha. Nyekundu ikianza kuonekana tofauti na ile ya mkononi, narudi nyuma.

Lililobaki ni rasimu. Kazi ambayo hujaiposti inahifadhiwa kwenye simu yako, haipo kwenye akaunti. Mimi simu ilipojaa niliifuta programu ili kupata nafasi, nikaipakua upya, nikaingia kwa namba ile ile. Akaunti ilikuwepo, wafuasi walikuwepo, rasimu 6 hazikuwepo. Sasa video mbichi nazihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu kabla ya kuzigusa.

Nyota naipa 4 kati ya 5. Ile moja naizuia mpaka waweke njia ya kuzifunga bei na sauti kwenye kipande chake cha picha, ili kikisogea visogee pamoja. Doti moja sasa inanichukua dakika 25, kuanzia kukunjua hadi kuposti, na dakika 10 kati ya hizo ni za kurudia sauti hadi itoke ninavyotaka.