Lebo za UTM au lebo ya WhatsApp: ipi itakuonyesha posti iliyouza?

Tuseme una duka la vitenge Moshi, karibu na soko la Mbuyuni, na umetangaza Instagram na Facebook. Kila posti inahitaji linki yake. Lebo, yaani alama ya kuonyesha mteja ametoka posti ipi, inawekwa mwishoni mwa linki, kwa njia moja kati ya hizi, UTM kwanza kisha WhatsApp:

```
dukalako.co.tz/?utm_source=instagram&utm_campaign=pasaka
wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari%20IG1
```

Zote mbili ni bure. Ya kwanza inataka tovuti yenye Google Analytics, nayo inahesabu mibofyo yenyewe. Ila inatofautisha herufi: Instagram na instagram zitakuwa vyanzo viwili, kwa hiyo andika herufi ndogo siku zote. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye malipo. Mteja akishaona bei, akakupigia na kulipa kwa M-Pesa, ripoti haina habari naye. Unaweza kuona Instagram imebofywa mara 40 na Facebook mara 9, ukaipendelea Instagram, kumbe Facebook ndiyo iliyouza vitenge vitano na Instagram viwili.

Ya pili inafungua WhatsApp na ujumbe "Habari IG1" ukiwa tayari; IG1 ni jina ulilolipa posti hiyo ya Instagram. Pesa ikiingia, andika IG1 kwenye daftari la mauzo. Hapo unahesabu mauzo, si mibofyo. Kasoro ni kwamba wengine hufuta hiyo IG1, na siku ya wateja wengi daftari husahaulika.

Kama malipo yanakamilika kwenye tovuti, nenda na UTM. Kama biashara inaishia kwenye chati, ningeanza na WhatsApp.