Uzoefu wangu: hadithi ya Kivietinamu ya kuvuka mto alfajiri

Nina mwaka wa pili najifunza Kivietinamu, na hiki ndicho kijitabu cha kwanza nilichokisoma hadi mwisho. Ni hadithi fupi moja, ina kurasa 11, na unapewa na sauti ya msomaji. Msimulizi ni mtoto anayevuka mto Tiền, kusini mwa Vietnam, na mama yake kwa kivuko cha Mỹ Thuận, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2000. Abiria wanashushwa kwenye basi, wanaingia pantoni kwa miguu, na mtoto anakodolea macho magugu maji yanayopita gizani akihofu basi litawaacha.

Kilichoniteka ni neno moja, "con". Maana yake ni mtoto. Mama anamwamsha: "Dậy đi con", yaani amka mwanangu. Mtoto anaitika: "Dạ, con dậy rồi má", yaani abee mama, nimeshaamka. Hapo "con" ya mama ni "wewe", na "con" ya mtoto ni "mimi". Ukurasa wa kwanza ulinitesa kwa sababu nilidhani kuna mtoto wa pili. Siri ni kutazama kwanza nani anasema.

Akitusimulia sisi wasomaji, msimulizi anajiita "tôi", "mimi" ya kawaida ambayo mtoto hamwambii mama yake. Hapo ndipo nilipoanza kumsikia mtu mzima anayekumbuka utoto wake. Kisha mama anaita, na "con" inamrudisha udogoni palepale. Sijui ningeitafsirije kwa Kiswahili, maana "mimi" yetu haibadiliki hata ukiwa mbele ya nani.

Lawama yangu ni kwenye sauti. Maandishi ni ya kusini kabisa: mama ni "má", si "mẹ", na magugu maji ni "lục bình", ambayo kaskazini huitwa "bèo tây". Lakini msomaji waliyemweka ana lafudhi ya Hanoi, yaani ya kaskazini. Ukitaka kuhakikisha, sikiliza "dậy" na "dạ": yeye anazianza kwa sauti ya z yetu, wakati watu wa mto ule huzianza kwa y. Kwa anayejifunza, hilo si dogo. Nilizoea z kwa wiki nzima, na mwenzangu wa darasani, mzaliwa wa Cần Thơ, mji wa kusini, aliponisomea ukurasa ule ule sikuyatambua maneno niliyokuwa nimeyakariri.

Kwa hiyo kitabu nakipa nyota nne, na sauti naipa nyota mbili. Ukikinunua, mtafute mtu wa kusini akusomee japo pale mama anapoamsha. Mwenzangu alisoma "Dậy đi con" polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba nzima. Msomaji wa kwenye rekodi anaitamka kama tangazo la stendi.