Bodi ipi ununue ili uone joto la bruda kwenye simu

Kazi tunayoinunulia vifaa ni moja: kupima joto la bruda ya vifaranga, kulituma kwa waifai kila nusu dakika na kuliona kama grafu kwenye simu. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka nyuzi 32 hadi 35, kwa hiyo kipimo kinachokosea kwa nyuzi 2 hakifai kitu. Ndiyo maana kihisi kinachaguliwa kabla ya bodi.

Chukua DS18B20 iliyofungwa ndani ya kibomba cha chuma chenye waya mrefu. Kwa joto la bruda haikosei zaidi ya nusu nyuzi, na ikichafuka unaifuta kwa kitambaa. DHT11 ni rahisi kuipata, lakini yenyewe ndiyo inayokosea hadi nyuzi 2, tena matundu yake hujaa vumbi la maranda. Ongeza rezista moja ya ohimu 4,700 na uiunganishe kati ya waya wa data na ule wa volti 3.3. Wengi huisahau dukani, kisha wanakaa wakitazama -127 kwenye skrini. Namba hiyo maana yake bodi haikioni kihisi.

1. ESP32 DevKit. Hii ndiyo ya kununua kama huna sababu ya kuchagua nyingine. Waifai imo ndani ya chipu, kumbukumbu inatosha kutuma kwa `https`, na nafasi ya kuongeza vihisi baadaye ipo. Ukija kuongeza kihisi cha analogia, kwa mfano cha gesi ya amonia, tumia pini za `GPIO32` hadi `GPIO39` zilizotolewa kwenye bodi yako, na hakikisha volti inayoingia haizidi 3.3. Pini za analogia za kundi la `ADC2` hazisomeki waifai ikiwa imewashwa, na watu huhangaika siku nzima wakidhani kihisi ni kibovu.

Bodi ikijizima na kuwaka kila inapojiunga na waifai, na skrini ikaandika `Brownout detector was triggered`, umeme haufiki wa kutosha. Badilisha waya wa USB kwanza, halafu chaja. Waya wenyewe uwe wa kupitisha data. Ule wa kuchajia tu utawasha taa ya bodi, lakini kompyuta haitaiona.

2. D1 Mini (ESP8266). Ni ndogo na mara nyingi bei yake iko chini. Kwa kihisi kimoja cha bruda inatosha kabisa. Ina pini moja tu ya analogia, na `https` huibana kumbukumbu yake. Nyingi huuzwa pini zikiwa pembeni hazijachomelewa, hivyo kama huna chuma cha kuchomelea, ulizia zilizokwisha kuchomelewa.

3. Raspberry Pi Pico W. Bodi nzuri, hasa kwa aliyezoea MicroPython. Iko ya tatu kwa sababu kazi hii haihitaji chochote ilichowazidi wenzake.

4. Arduino Uno pamoja na ESP-01. Acha, hata kama Uno unayo tayari. Pini yake ya volti 3.3 hutoa takriban miliampia 50, wakati ESP-01 inapotuma huweza kuvuta zaidi ya 300 kwa muda mfupi. Tena Uno huzungumza kwa volti 5, na ESP-01 haikuundwa kwa volti hizo.

Bodi zote hizi hutumia waifai ya 2.4 GHz pekee. Kama intaneti ni ya hotspoti ya simu, iwekee bendi hiyo. Kwenye iPhone washa `Maximize Compatibility`.

Kwa dashibodi, anza na ThingSpeak ya bure: unafungua chaneli, unapewa ufunguo wa kuandikia, na grafu inajichora. Kurasa inayotolewa na bodi yenyewe ni ya pili, maana kwa kawaida huonekana tu ukiwa kwenye waifai ileile. Kwenye ESP32, kutuma ni mistari michache:

```
if (t > -100 && t < 84) {
  http.begin("http://api.thingspeak.com/update?api_key=" + ufunguo + "&field1=" + String(t));
  http.GET();
  Serial.println(http.getString());
  http.end();
}
```

Sharti la juu linazuia -127 na pia 85, namba ambayo DS18B20 huitoa ikiwa imewashwa ila haijamaliza kupima. Jibu likiwa `0`, kipimo hakikuandikwa. Mara nyingi ni kwa sababu umetuma kabla ya sekunde 15 kupita, au umekosea ufunguo.

Kabla ya kuifunga DS18B20 brudani, itumbukize kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, koroga, subiri dakika chache. Ikisoma zaidi ya nyuzi 1 juu au chini ya sifuri, irudishe dukani. Ikipita, itundike kwenye usawa wa migongo ya vifaranga, si juu karibu na taa.