Chaja ya wati 65 na nyaya mbili: uzoefu wangu

Kichwa cha chaja hiki sina ubaya nacho. Waya uliokuja ndani ya boksi ndio siupendekezi.

Tuanze na maandishi ya kichwa: 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A, 20V 3.25A. Zidisha volti kwa ampea upate wati. Zile 65 zinatoka mstari wa mwisho tu, 20 × 3.25, na huo ni wa laputopu. Simu yangu huomba volti 9, kwa hiyo hapo kikomo cha chaja ni wati 27, na simu yenyewe huvuta ampea 2 hivi, yaani wati 18.

Nilichomeka kimita cha USB upande wa simu, betri ikiwa chini ya nusu na kioo kimezimwa, kwa sababu betri ikikaribia kujaa simu hupunguza umeme yenyewe na kipimo hakisemi kitu. Waya wa boksi una urefu wa mita 2 na umeandikwa 28AWG. Namba hiyo ikiwa kubwa, shaba ni nyembamba. Shaba ya 28 ina ukinzani wa kama omu 0.21 kwa mita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 4: omu 0.85. Kwa ampea 2 zinapotea volti 1.7. Simu inapata volti 7.3, yaani wati 14.6, na wati 3.4 zinaishia kuupasha waya joto.

Waya wangu mwingine, mita 1 wa 24AWG, una omu 0.17 tu kwenda na kurudi. Simu inapata karibu volti 8.7, wati 17 na ushee.

Waya huohuo mwembamba ukiuweka kwenye chaja ya zamani ya volti 5, hali ni mbaya zaidi. Ampea 2 zingeacha volti 3.3, chini ya volti za betri yenyewe. Simu inaliona hilo na kushusha ampea hadi volti zipande, ndipo unaona chaji inapanda kwa kusuasua. Ndiyo maana chaja za kasi hupandisha volti: kwa wati zilezile ampea zinapungua, na joto la waya hupungua kwa mraba wa ampea.

Kwa kununua, viwango vya USB-C vinaruhusu waya upoteze volti 0.75 kwa jumla ukibeba ampea zake zote. Ukipima ukakuta zaidi ya hapo, urudishe dukani. Na kama simu yako huchaji kwa ampea 5, tafuta waya ulioandikwa 5A, wenye chipu ndani ya plagi. Chipu hiyo isipokuwepo, chaja haitoi zaidi ya ampea 3, hata shaba iwe nene kiasi gani.