Miwani ya Kusomea Nota: Ipi Inunuliwe Kwanza

Miwani ya kawaida ya kusomea hupimwa kwa kitabu kilicho umbali wa sentimita 40 hivi kutoka machoni, ilhali stendi ya nota huwa sentimita 60 hadi 80. Ndiyo maana mwanakwaya wa miaka 55, ambaye husoma gazeti bila shida, huanza kuchanganya nukta na mkato katika nota za sol-fa zilizotolewa fotokopi, na alama hizo ndizo zinazogawa pigo.

Kabla ya kununua, kaa au simama kama ufanyavyo mazoezini, kisha mwenzako apime kwa futikamba kutoka jichoni hadi katikati ya ukurasa. Tuchukue mpiga kinanda anayeona mbali vizuri bila miwani, ambaye miwani yake ya kusomea ni +2.25 na stendi yake iko sentimita 70. Gawanya 100 kwa 40, upate 2.50, gawanya 100 kwa 70, upate takribani 1.43. Tofauti ni kama 1.00; akiitoa kwenye 2.25, anahitaji +1.25. Mwimbaji mwenye miwani kama hiyo anayeshika jalada mkononi, sentimita 50, angepunguza 0.50 tu na kuvaa +1.75.

Chaguo langu la kwanza kwa watu wa namna hiyo ni miwani nusu, ile fupi inayokaa chini kwenye pua, yenye namba ya stendi. Ukurasa wote huonekana, na ukiinua macho unamwona mwalimu wa kwaya juu ya fremu, bila kusogeza kidevu.

Ya pili, na ndiyo ya kwanza kwa anayehitaji miwani ya mbali pia, ni lenzi ya namba mbili yenye mstari, ila mtengenezaji aelezwe waziwazi kwamba sehemu ya chini iwe ya stendi na si ya kitabu. Mpelekee kipimo chako kimeandikwa.

Lenzi zinazobadilika polepole bila mstari naziweka nafasi ya tatu, ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Eneo lake la masafa ya kati ni jembamba, hivyo mwenye kurasa mbili wazi hugeuza kichwa kila mara, na mwimbaji huinua kidevu ili alipate, jambo linalokaza shingo na koo.

Ya mwisho ni +2.50 ya mtaani iliyonunuliwa kwa kujaribiwa kwenye simu. Hata hivyo, miwani rahisi ya namba uliyokokotoa inafaa kwa majaribio, mradi macho yako yana namba sawa. Ivae mazoezini: ukijikuta unainamia stendi ndipo uone, lenzi ina nguvu kupita kiasi; ukirudi nyuma ndipo maandishi yatulie, imepungua, nawe uongeze 0.25.